Mfuko wa butiki unaobebwa hata baada ya siku ya manunuzi

Swali: "Nina butiki ya nguo za kike. Mwaka jana niligawa mifuko mia moja ya kitambaa kwa wateja, lakini sijawahi kumwona mtu akiubeba mtaani. Sasa mbunifu ameniletea mchoro mpya: jina la duka lenye herufi saba, picha ya mwanamitindo, orodha ya tunavyouza na namba mbili za simu, vyote kwa rangi nne. Nichapishe huu? Na nitumie kitambaa gani na ukubwa gani ili mfuko unitangaze kweli?"

Jibu:

Huo usichapishe. Huenda mchoro wenyewe ni mzuri, ila ni bango, na watu wachache sana wanakubali kutembea na bango begani. Siku ya manunuzi mteja atabeba mfuko wako kwa sababu nguo iko ndani yake. Tangazo linaanza siku ya pili, pale anapofungua kabati, anaikuta mifuko mingine sita, na anachagua mmoja wa kuendea kazini. Hapo ndipo mifuko yako mia moja ilipobwagwa. Kwa hiyo kila utakachoamua, kuanzia wino hadi urefu wa mkanda, kipime kwa siku hiyo ya pili.

Tuanze na vya kuondoa. Orodha ya bidhaa iondoke yote, maana anayepishana na mfuko ana sekunde mbili tatu tu, na hakuna anayezitumia kusoma "magauni, sketi, blauzi". Picha ya mwanamitindo nayo iondoke, na sababu ni ya kiufundi zaidi kuliko ya ladha: sura ya mtu huchapwa kwa nukta ndogondogo, na kitambaa chenye nyuzi nene huzimeza nukta hizo, pua na midomo vikabaki madoa. Hata ikitoka safi, mfuko ukijaa sura inapinda. Namba za simu ndizo wenye maduka huzing'ang'ania kuliko chochote, lakini hakuna mtu anayenakili namba kutoka begani kwa mtu asiyemjua. Ukibadilisha laini, mifuko yote iliyoko mtaani inatangaza namba iliyokufa.

Kinachobaki ni jina la duka, na alama moja ya mstari inayosema "nguo" kama jina lenyewe halisemi hivyo: kitufe, kola, hanga. Liandike jina kama lilivyo kwenye akaunti yako ya mtandaoni, herufi kwa herufi, kwa sababu aliyevutiwa atalitafuta kwenye simu, hatatafuta namba. Namba, anwani na msimbo wa QR vitapata nafasi ndani ya mfuko. Nitarudi hapo.

Sasa ukubwa, na hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu mifuko mingi huharibikia kwenye vipimo kabla wino haujafunguliwa. Kipimo kinachofaa nguo zilizokunjwa ni kitambaa bapa cha sentimita 40 kwa 42, kisha pembe mbili za chini zishonwe kwa kukatiza sentimita 10 ili kitako kipatikane. Ukimaliza unapata kitako cha sentimita 30 kwa 10 na kimo cha sentimita 37. Blauzi mbili zilizokunjwa zinalala bila kujikunja, na kesho yake daftari na chupa ya maji vinaingia. Mfuko usio na kitako huvimba katikati kama mto, na jina linapinda pamoja nao.

Angalia kitako hicho kinavyobana nafasi ya maandishi. Mfuko ukijaa, sentimita 5 za kila upande wa uso zinageuka kuwa ubavu. Uso unaoonekana kutoka mbele si 40 tena, ni kama 30. Jina lako lisizidi sentimita 25 kwa upana. Kwa herufi saba, kila herufi pamoja na nafasi yake inapata takribani sentimita tatu na nusu, na kwa herufi za kawaida zisizobanwa kimo kinakuja karibu sentimita 5. Waandishi wa mabango wana kanuni ya zamani kwamba kila sentimita 2.5 za kimo husomeka vizuri kutoka kama mita 3. Jina lako basi litasomeka bila shida kutoka mita 6, umbali wa mtu anayekuja mbele yako njiani. Hauhitaji zaidi. Ukilipandisha hadi likajaza uso mzima, unarudi kwenye bango. Mwenye jina la herufi kumi na mbili asilibane ili litoshe mstari mmoja. Aligawe mistari miwili.

Mahali pa kuliweka panategemea urefu wa mkanda, na watu wengi hawalijui hili. Mkanda ukiwa mfupi, yaani kutoka begani hadi mdomo wa mfuko ni sentimita 20 hivi, uso wa mfuko unaingia kwapani na mkono unalifunika jina. Ukiwa sentimita 30, mdomo wa mfuko unafika karibu na kiwiko, na uso wote unabaki chini yake. Hata hivyo mtu akikunja mkono, sehemu ya juu kama sentimita 8 itafunikwa. Chini nako, sentimita 8 za mwisho hukunjamana mfuko ukiwa mtupu na kuvimba ukiwa umejaa. Dirisha lako la kuaminika ni sentimita 21 za katikati. Anzia jina sentimita 9 chini ya mdomo, weka alama chini yake, basi. Chapa pande zote mbili kwa mchoro uleule, kwa kuwa huwezi kujua mteja atageuza upande gani nje.

Kuna mtego wa kipimo hapa. Tisa hizo ni kutoka kwenye mdomo uliokwisha kupindwa. Pindo la juu linakula sentimita 4, moja ya kukunjia ndani na tatu za pindo lenyewe. Mchapaji akipima 9 kutoka ukingo uliokatwa, pindo likishonwa jina litakuwa sentimita 5 tu kutoka juu, yaani kwenye eneo la kiwiko. Mwandikie 13 kutoka ukingo uliokatwa, na umchoree kwenye karatasi.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Njia imara ya kukata ni kipande kimoja kinachokunjwa chini, bila mshono wa kitako. Upana ni sentimita 42, pamoja na moja ya mshono kila upande, na urefu ni 92, yaani uso wa 42 mara mbili pamoja na pindo mbili za 4. Kipande hicho kikiwa kimetandazwa mezani, mchoro wa upande wa pili lazima uchapwe umegeuzwa juu chini ukilinganisha na wa kwanza. Michoro yote miwili ikichapwa ikitazama upande mmoja, mfuko ukishonwa uso mmoja utasomeka kichwa chini. Kosa hili halionekani mpaka mfuko wa kwanza ushonwe, na kufikia hapo kazi yote imeshachapwa. Mwambie fundi ashone mfuko mmoja kabla mingine haijachapwa.

Uchapaji ufanyike kwenye vipande bapa, kabla ya kushona. Ukichapa mfuko uliokwisha kushonwa, mshono huinua fremu ya skrini, yaani wavu ambao wino hupitishwa kufika kwenye kitambaa, na wino unakuwa mzito sehemu moja na hafifu nyingine. Kama unanunua mifuko tayari na huna hiari, ingiza ubao ndani ili wino usipenye upande wa pili, na acha angalau sentimita 3 kutoka kila mshono.

Kuhusu kitambaa, vipimo vya uzito ni gramu kwa mita ya mraba, na muuzaji atakutajia kama GSM. Marekani nyepesi ya 140 ni rahisi, ila vitu vya ndani vinaonekana na mfuko unaning'inia kama shuka. Turubai ya pamba ya kati ya 220 na 270 ndiyo ningeichagua kwa butiki: inasimama yenyewe kiasi, inakunjika kuingia kwenye mkoba, na cherehani ya kawaida inaimudu kwa sindano namba 16. Ukifika 340 mfuko ni wa fahari, lakini penye pindo na mkanda sindano inaanza kuruka na kuvunjika, na utahitaji cherehani ya kazi nzito.

Usidanganyike na ugumu wa kitambaa kipya dukani. Pamba isiyofuliwa huja na wanga wa kiwandani, na wanga huo ndio unaofanya mfuko uonekane imara. Kata kipande cha sentimita 20 kwa 20, kifue kwa maji ya moto, kikaushe, kipige pasi, kisha kipime. Kikirudi 19, kitambaa kinarudi kwa asilimia 5. Wino haurudi pamoja nacho, kwa hiyo jina litajikunjakunja baada ya mteja kufua mara ya kwanza. Dawa yake ni kufua kitambaa chote kabla ya kukata. Kitapoteza sura ya dukani, ndiyo, lakini utakuwa umeona mapema mfuko wako utakavyokuwa kwa mteja, na kama umelegea mno, panda uzito.

Ile mifuko ya kitambaa kisichofumwa, kinachofanana na karatasi laini, ni polipropilini, aina ya plastiki. Inapatikana kirahisi na rangi zake ni kali, na kwa 80 hadi 100 GSM inabeba vizuri tu. Kwa butiki siipendekezi, kwa sababu inachakaa kwa kutoa manyoya na mteja anaiona ni ya gengeni. Kama bajeti inakulazimisha, jambo moja usilikosee: polipropilini huyeyuka karibu nyuzi 160 za Selsiasi, joto lilelile linalotumika kuivisha wino wa plastisoli, yaani wino wa plastiki unaokauka kwa joto tu, kwenye pamba. Mchapaji wa fulana asiyelijua hilo atakurudishia mifuko iliyosinyaa. Mwombe wino unaokauka kwa hewa au unaoiva kwa joto dogo.

Kwenye pamba, chapa kwa skrini, rangi moja. Kila rangi inahitaji skrini yake, na kila skrini ya ziada ni nafasi nyingine ya rangi kutokaa sawa juu ya nyingine. Nyavu ya nyuzi 43 kwa sentimita inatosha kwa herufi nene juu ya turubai. Mstari wowote wa alama yako usiwe mwembamba kuliko milimita 1, maana juu ya nyuzi nene mstari mwembamba hukatikakatika, na nafasi nyembamba kati ya mistari hujazwa na wino. Herufi za kujipinda zenye vikia vyembamba zinaumia zaidi hapa. Wino mweusi, wa kahawia au wa bluu iliyokolea juu ya rangi ya asili ya pamba ndiyo njia salama. Ukitaka wino mweupe juu ya kitambaa cheusi, jua kwamba tabaka moja litaonekana kijivu. Inabidi tabaka la kwanza likaushwe kwanza, kisha lipigwe la pili juu yake, jambo linaloongeza kazi karibu maradufu.

Ukishapokea kipande cha kwanza, kikague hivi. Vuta kitambaa taratibu penye wino. Kama ni plastisoli na inapasuka vipandevipande, haikuiva hadi ndani, ingawa juu ni kavu. Kama ni wino wa maji, lowanisha kitambaa cheupe ukisugue juu ya jina. Rangi ikihamia, irudishwe kwenye joto kwa muda uliotajwa na mtengenezaji wa wino. Halafu fua kipande hicho mara tano kwa sabuni ya kawaida. Jina likififia sasa, ni afadhali kuliko kufifia begani kwa wateja mia. Karatasi za kubandika kwa pasi ziache kabisa kwa kazi hii. Mfuko hukunjwa mamia ya mara mahali palepale, na filamu hiyo hupasuka kwenye mikunjo.

Rangi ya pili utaipata bila skrini: mikanda. Nunua mkanda wa pamba uliofumwa, upana wa sentimita 2.5, wenye rangi ya duka lako. Mkanda ndio unaoonekana begani hata mtu akiwa amekupa mgongo na jina limejificha, na baada ya mifuko kadhaa mtaani rangi hiyo inaanza kutambulika yenyewe. Ila ujaribu kwanza kwa kuulowanisha na kuulaza usiku kucha juu ya kitambaa cheupe. Nyekundu na maruni zina tabia ya kuvuja, na mvua moja tu itaacha michirizi chini ya kila mkanda.

Kila mkanda ukatwe sentimita 75. Ncha mbili zinaingia chini ya pindo sentimita 4 hadi 5 kila moja, na zikitenganishwa kwa sentimita 14 zinakupa ule urefu wa karibu 30 kutoka begani hadi mdomo tuliousema. Ncha zisishonwe kwa mstari mmoja. Zishonewe kisanduku cha mraba chenye msalaba ndani, upande usiopungua sentimita 2.5, na uzi uwe wa poliesta. Mkanda ukichomoka, mara nyingi si uzi uliokatika bali kitambaa kilichochanika kando ya mstari, kwa sababu mzigo wote uliangukia safu moja ya matundu. Tundika mfuko wa kwanza na kilo 10 ndani kwa siku nzima. Matundu ya sindano yakianza kufunguka penye pembe za kisanduku, ongeza kipande cha kitambaa nyuma yake.

Kwa hesabu ya mifuko mia, kitambaa cha upana wa sentimita 150 kinatoa vipande vitatu kwa safu, vyenye jumla ya 126. Safu 34 za sentimita 92 ni mita 31.3, na zinakupa mifuko 102. Kikirudi kwa asilimia 5 kwenye kufuliwa, unahitaji kama mita 33, kwa hiyo nunua 35 ili makosa yawe na pa kwenda. Mkanda ni mita 1.5 kwa mfuko, jumla 153. Ukanda wa kitambaa unaobaki pembeni, baada ya kufua, ni wa karibu sentimita 16 hivi. Usiutupe: shonea mfuko mdogo wa ndani wa simu na funguo, angalau kwenye sehemu ya mifuko hiyo. Kitu kidogo kama hicho kinaweza kuamua ni mfuko upi unatolewa kabatini. Uning'inizwe kwenye pindo la juu tu, usishonewe kwenye uso, la sivyo mistari ya uzi itapita katikati ya jina.

Kwenye mfuko huo mdogo, au kwenye lebo iliyoshonwa kwenye mshono wa ndani, ndipo pa kuweka jina la akaunti, anwani, na msimbo wa QR ukitaka. Msimbo ni wa mwenye mfuko, si wa wapita njia. Wa sentimita 3 husomeka kutoka kama sentimita 30 tu, na hakuna atakayemkaribia mgeni kiasi hicho. Uwe wa sentimita 4 na mpaka mtupu kuuzunguka, na kiungo chake kiwe kifupi ili miraba isiwe midogo mno kwa kitambaa. Uelekeze kwenye ukurasa unaoweza kuubadilisha mwenyewe baadaye.

Kabla ya kulipa chochote, chapa jina kwenye karatasi kwa ukubwa kamili, libandike kwenye mfuko wowote wenye vipimo hivi, utie blauzi mbili na chupa ya maji, umpe mtu autembeze. Mpige picha akija, akipita na akienda, kutoka mita 3 na mita 6, mkono ukiwa umenyooka na ukiwa umekunjwa. Mwonyeshe picha hizo mtu asiyelijua duka lako, umwombe asome. Anaposita kwenye herufi fulani, hiyo ndiyo ya kurekebisha, na mara nyingi itakuwa ni mwandiko wenyewe wala si ukubwa.

La mwisho ni kugawa. Ukimpa mteja mfuko kila anaponunua, kufikia mwaka anao minane, na hautabebwa hata mmoja zaidi ya ule wa kwanza. Weka kiwango cha manunuzi kinachostahili mfuko, manunuzi madogo yaende na karatasi, na anayerudi na mfuko wako apewe punguzo dogo badala ya mfuko mwingine. Punguzo hilo linakupa na kipimo: kaunta iweke daftari, kila anayeingia na mfuko apigiwe alama, na kila mteja mpya aulizwe alituonea wapi. Mifuko mia ya kwanza ikishagawiwa, subiri miezi mitatu ya daftari hilo. Alama zikiwa chache, usiagize tena mchoro uleule. Tafuta wateja watano waliopewa, uwaulize mfuko uko wapi sasa hivi na una nini ndani.